Ankara 37 Ambazo Hazikufika

Aprili 2022, Halmashauri ya Jiji la Birmingham, Uingereza, iliuacha mfumo wa SAP ambao ilikuwa ikiutumia tangu 1999 na kuhamia Oracle. Birmingham ni jiji la watu zaidi ya milioni 1, na ndani ya mfumo huo mmoja mlikuwa na mishahara, manunuzi, mapato na vitabu vyote vya hesabu. Makadirio ya awali ya kazi hiyo yalikuwa pauni milioni 19. Baada ya kuhama, sehemu ya kulinganisha fedha zilizoingia benki na zile zilizoandikwa vitabuni ilishindwa kazi, watumishi wakarudi kulinganisha miamala kwa mkono, na halmashauri ikakwama kutayarisha kwa wakati hesabu zinazokagulika. Mwaka 2023 uongozi ulikuwa tayari unasema gharama zinaweza kufika pauni milioni 100. Septemba 5 mwaka huo halmashauri ikatoa tangazo la kisheria kwamba haiwezi kumudu matumizi yake. Mzigo mkubwa zaidi ulikuwa madai ya malipo sawa kwa wafanyakazi wanawake, lakini mfumo mpya ulitajwa miongoni mwa sababu.

Habari za namna hii zikisimuliwa, lawama huelekezwa kwenye programu. Programu yenyewe, mara nyingi, ni ileile inayofanya kazi vizuri kwa maelfu ya taasisi nyingine. Sisi tunaokagua mifumo huanza kwa kutazama mahali padogo zaidi: je, kila kilichokuwemo kwenye mfumo wa zamani kimefika kwenye mpya, na ni nini kilitokea katika saa zile ambazo wa zamani ulishafungwa na mpya haujafunguliwa? Fedha zinazopotea kwenye hamisho hupotelea hapo, na hupotea kimya.

Mfumo unaozungumzwa hapa, ERP, ni programu moja inayobeba idara zote za taasisi. Muuzaji akitoa mzigo stoo, idadi ya bidhaa inapungua, ankara inazaliwa, deni la mteja linaongezeka na leja kuu inabadilika, vyote kwa pigo moja. Kampuni nyingi za kwetu hufika huko zikitoka kwenye programu ndogo ya uhasibu na rundo la majedwali ya Excel. Serikali ya Tanzania nayo ilitoka Epicor kwenda MUSE. Ukubwa unatofautiana, ila maswali ya mkaguzi hayabadiliki.

Nitayaeleza kwa mfano mmoja wa kubuni, ingawa kila kilichomo ndani yake hutokea. Chukua kampuni inayosambaza vifaa vya ujenzi, makao makuu Dar es Salaam, matawi Mwanza na Mbeya. Imepanga kuhama mwishoni mwa Juni 2025. Tuache stoo, mishahara na mali za kudumu, tushike kitu kimoja tu: madeni ya wateja, yaani ankara zilizokwisha kutolewa ambazo bado hazijalipwa. Nimechagua hayo kwa sababu deni la mteja lisipofika kwenye mfumo mpya, mteja hatapiga simu kulalamika. Mzabuni usiyemlipa atakuja mlangoni. Mfanyakazi usiyemlipa atakuja kabla ya mzabuni. Mdaiwa aliyesahaulika atakaa kimya.

Timu ya mradi inamkabidhi mkaguzi karatasi ya ulinganisho iliyosainiwa. Faili la kuhamishia lilikuwa na mistari 4,275 yenye jumla ya Sh 1,784,800,000. Mfumo mpya umepokea mistari 4,275 yenye jumla ya Sh 1,784,800,000. Tofauti sifuri. Chini kuna saini tatu na tarehe.

Karatasi hiyo ni ya kweli, na haithibitishi jambo tunalotaka kulijua. Imelinganisha faili na mfumo mpya. Mzigo ukipakiwa magunia 40 Mwanza na kushushwa magunia 40 Dar es Salaam, dereva ameaminika. Lakini kama ghala la Mwanza lilikuwa na magunia 43, hakuna aliyeuliza matatu yako wapi. Ulinganisho wa hamisho lazima uanzie kwenye leja ya zamani, kabla faili halijatengenezwa, kwa sababu faili ni kazi ya mikono ya mtu: kuna aliyeandika maelekezo ya nini kichukuliwe na nini kiachwe.

Kwa hiyo mkaguzi anaketi mbele ya mfumo wa zamani, anatoa mwenyewe orodha ya madeni ya saa ileile ya kufungwa, au anasimama nyuma ya anayeitoa. Jibu: ankara 4,312, jumla Sh 1,846,200,000. Pengo ni ankara 37 na Sh 61,400,000.

Maelekezo yaliyotumika kuchota data yakisomwa, sababu inaonekana katika mstari mmoja. Mchotaji aliomba wateja ambao hali yao ni “hai”. Katika mfumo wa zamani mteja aliyezuiwa kukopa zaidi hubadilishwa hali kuwa “amefungwa”. Wateja wanaofungwa ni wale wasiolipa. Kwa maneno mengine, chujio lililowekwa kwa nia njema, ili mfumo mpya usijazwe wateja waliokufa kibiashara, limewaacha nyuma wadaiwa sugu wa kampuni, ambao ndio hasa mkaguzi angependa kuwaona.

Hapo mtu wa uhasibu atauliza swali zuri: mbona urari wa mfumo mpya ulikubaliana na wa zamani? Ulikubaliana kwa sababu leja kuu huhamishwa kivyake. Salio la akaunti ya wadaiwa liliingizwa kama namba moja, Sh 1,846,200,000, kutoka kwenye urari wa zamani. Orodha ya ankara mojamoja iliingizwa kwa faili jingine. Leja kuu inasema kampuni inadai bilioni 1.846, orodha ya wateja inasema bilioni 1.785, na urari hauoni shida yoyote kwa kuwa hauitazami orodha. Ndiyo maana ulinganisho kamili una pande nne: orodha ya zamani na leja kuu ya zamani, orodha ya zamani na orodha mpya, leja kuu ya zamani na leja kuu mpya, kisha orodha mpya na leja kuu mpya. Upande mmoja ukirukwa, pengo linapata pa kujificha.

Pengo la namna hii likigunduliwa usiku wa manane, kuna njia ya mkato inayopendwa sana, nami naipinga popote ninapoikuta. Mtu anapendekeza iandikwe hati ya marekebisho kupeleka Sh 61,400,000 kwenye akaunti ya muda, “tutaichambua wiki ijayo”. Hati ikishaandikwa, orodha na leja kuu zinakubaliana, taa ya kijani inawaka, na ankara 37 zimegeuka kuwa kiasi kimoja kisicho na jina la mteja, tarehe wala namba. Kiasi kisicho na jina hakidaiwi na mtu. Mwisho wa mwaka kitafutwa kama hasara ya hamisho. Mkaguzi anayepitia hamisho lolote asiache kufungua akaunti zote za muda zilizoundwa wiki ile na kuuliza kila shilingi iliyomo ilitoka wapi.

Tuseme sasa ankara 37 zimeingizwa. Idadi inalingana, jumla inalingana. Bado kuna makosa ambayo idadi na jumla haziyaoni kabisa, na hapa ndipo kazi inapohitaji subira.

La kwanza ni ankara kwenda kwa mteja asiye wake. Wakati wa kusafisha data, timu iliunganisha wateja waliosajiliwa mara mbili. Ni kazi nzuri na ya lazima. Lakini wateja wawili wenye majina yanayofanana, mmoja wa Mwanza na mwingine wa Mbeya, waliunganishwa kuwa mmoja ilhali ni maduka mawili tofauti. Hakuna shilingi iliyopotea wala mstari uliopungua. Mwenye duka wa Mbeya ataletewa taarifa ya deni la mwenzake, atakataa, na atakuwa na haki. Kosa hili hushikwa kwa kulinganisha salio la kila mteja, zamani kwa mpya, likifuatiwa na orodha ya miunganisho yote ambayo mkuu wa mauzo ameipitia jina kwa jina na kuisaini. Fundi wa kompyuta asiachiwe kazi ya kusaini hapo, maana yeye hawajui wateja.

La pili ni tarehe. Ankara ya 10/02/2025 kwetu ni ya tarehe 10 Februari. Programu inayosoma kwa mpangilio wa Kimarekani itaiona kuwa ya Oktoba 2. Ankara ya 25/02/2025 haina namna ya kusomwa hivyo kwa sababu hakuna mwezi wa 25, na zipo programu za kugeuza data ambazo zikikwama hapo hugeukia mpangilio mwingine bila kutoa onyo. Matokeo yake ni kwamba tarehe 13 hadi 31 zinatoka salama, huku tarehe 1 hadi 12 zikichanganywa na miezi. Jumla ya madeni haitikisiki. Kinachoharibika ni umri wa deni, na umri wa deni ndio unaoamua mteja gani apigiwe simu leo na kiasi gani kitengwe kwa madeni yasiyotarajiwa kulipwa. Deni la miezi minne linaonekana halijaanza hata kudaiwa.

Dalili yake ni rahisi ukijua pa kutazama. Panga ankara kwa mwezi, hesabu idadi na jumla ya kila mwezi kwenye mifumo yote miwili. Na katika mfano wetu dalili iko wazi zaidi: tumehama Juni, halafu mfumo mpya una ankara za Oktoba na Novemba ambazo hazijafika.

La tatu linatoka Excel, ambayo karibu kila hamisho hupitia humo mahali fulani. Msimbo wa mteja 00417 ukifunguliwa humo kama namba unakuwa 417, na mfumo mpya unaweza kuuchukulia kuwa mteja mwingine. Namba yenye tarakimu 12, kama ile ya udhibiti tunayolipia malipo ya serikali, ikiachwa kwenye mpangilio wa kawaida huonyeshwa kwa ufupisho wa aina ya 9.91E+11. Mtu akihifadhi faili kwa muundo wa CSV, kinachohifadhiwa ni ule ufupisho uliokuwa ukionekana, na tarakimu nyingine hazirudi. Namba inayozidi tarakimu 15, kama baadhi ya namba za akaunti za benki, hupotezewa tarakimu za mwisho na kuwekewa sifuri. Dawa ni kutolifungua faili la hamisho kwenye Excel kwa kubofya, au kuitangaza safu hiyo kuwa maandishi kabla ya kuiingiza. Mkaguzi naye anaomba alama ya faili, ile inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, ichukuliwe faili linapotoka na tena kabla halijaingizwa. Zikitofautiana, kuna mkono uliopita katikati.

Kwa mistari 4,312 hakuna sababu ya kupima sampuli peke yake. Kompyuta inaweza kulinganisha yote kwa sekunde. Sharti ni kwamba namba ya ankara ya zamani ibebwe hadi kwenye mfumo mpya hata kama mfumo mpya unatoa namba zake, na hilo liamuliwe mapema sana, wakati wa kubuni, kwani baadaye halirekebishiki kirahisi. Ikiwepo, mkaguzi anaendesha ombi fupi:

```sql
SELECT namba_ankara, mteja, tarehe, salio
FROM ankara_za_zamani
EXCEPT
SELECT namba_ankara, mteja, tarehe, salio
FROM ankara_mpya;
```

Kinachotoka ni kila ankara ya zamani isiyo na pacha wake kamili kwenye mfumo mpya: iliyoachwa, iliyobadilishwa mteja, iliyogeuzwa tarehe, iliyokosewa kiasi. Kama misimbo ya wateja imebadilishwa, ombi lipitie kwanza jedwali linaloonyesha msimbo upi umekuwa upi. Kisha majedwali yanabadilishwa nafasi na ombi linaendeshwa upya, ili kuona ankara zilizomo kwenye mpya ambazo hazina asili kwenye zamani. Upande huu wa pili husahaulika, nao ndio unaofichua deni la kubuni lililopenyezwa wakati watu wote wanahangaika.

Ombi hili lina kasoro moja inayofaa kujulikana. `EXCEPT` huchukulia mistari inayofanana kabisa kuwa mmoja. Ankara iliyoingizwa mara mbili haitaonekana kwa upande wowote. Hiyo itashikwa na idadi na jumla, na ndiyo sababu vipimo hivi huendeshwa pamoja. Vivyo hivyo jumla zenyewe zigawanywe: ankara upande wake, na malipo ya wateja ambayo bado hayajaoanishwa na ankara upande wake. Ukitazama salio halisi tu, kosa la kuongeza hapa linaweza kufutwa na kosa la kupunguza pale.

Sasa twende kwenye usiku wenyewe.

Kampuni yetu imepanga kufunga mfumo wa zamani Ijumaa saa 12 jioni na kufungua mpya Jumatatu saa 12 asubuhi. Ni saa 60. Mkaguzi haulizi kama saa hizo zinatosha; anauliza mazoezi yalichukua muda gani. Hamisho lisilofanyiwa mazoezi kwa data kamili, kwa ratiba ileile, na watu walewale, ni bahati nasibu, na zoezi moja halitoshi kwa kuwa la kwanza huishia kwenye kugundua matatizo. Kama zoezi la mwisho lilichukua saa 44 tangu kufunga hadi saini ya mwisho, kuna akiba ya saa 16. Kama lilifanywa kwa robo ya data, hatujui kitu.

Halafu linakuja swali ambalo viongozi wa miradi hawalipendi: mkishindwa, mtarudi vipi? Kurudisha mfumo wa zamani kutoka nakala rudufu, tuseme, kunachukua saa 10 kwa mujibu wa zoezi. Basi uamuzi wa mwisho wa kuendelea au kurudi lazima ufanyike si baada ya Jumapili saa 2 usiku. Saa hiyo iandikwe kwenye mpango, pamoja na masharti yanayopimika: orodha ya wateja ilingane na leja kuu kwa shilingi, stoo ilingane kwa kila tawi, makosa yaliyobaki yawe yameorodheshwa na yana mwenyewe. Masharti yaandikwe wiki kadhaa kabla. Yakiandikwa Jumapili jioni, yataandikwa kufuata matokeo yaliyopo. Nikikagua hamisho lililokwisha kufanyika, huuliza karatasi ya masharti ilihifadhiwa lini kwenye kompyuta, na mara nyingine jibu la swali hilo peke yake linatosha kuandika hoja.

Kuchagua tarehe nako ni udhibiti. Hershey, watengenezaji wa chokoleti wa Marekani, walitumia dola milioni 112 kwa mradi uliojumuisha SAP na programu nyingine mbili. Walipanga kuhama Aprili 1999, wakachelewa, wakahama Julai, wakati maagizo ya msimu wa Halloween yalikuwa yanaanza kumiminika. Chokoleti zilikuwepo maghalani, lakini maagizo hayakupita vizuri kutoka kwenye mfumo kwenda kwenye malori. Maagizo ya takribani dola milioni 100 hayakufikishwa, na faida ya robo ile ikashuka kwa asilimia 19. Kwetu, msambazaji wa vifaa vya ujenzi aepuke miezi ambayo mauzo yake hupanda, na taasisi yoyote iangalie siku za kuwasilisha ritani za kodi.

Wikiendi hiyo biashara haisimami. Jumamosi tawi la Mwanza litauza saruji na mabati kama kawaida, na mauzo hayo yataandikwa kwenye vitabu vya karatasi hadi yaingizwe Jumatatu. Udhibiti wa kwanza ni vitabu vyenye namba zinazofuatana, vilivyogawiwa kwa saini. Tawi limepewa namba 0501 hadi 0600. Limerudisha zilizotumika 0501 hadi 0563, na zilizobaki ni tupu. Kila moja kati ya 63 lazima ionekane kwenye mfumo mpya, au iwe imefutwa ikiwa na nakala zote mkononi.

Tanzania tuna kipimo cha pili ambacho napenda sana, kwa sababu hakikutengenezwa na timu ya mradi. Mashine ya EFD haikuhama. Iliendelea kutoa risiti za kodi Jumamosi nzima, na jioni ilitoa ripoti ya Z yenye jumla ya mauzo ya siku. Mkaguzi anaiweka ripoti hiyo kando ya mauzo ya Jumamosi yaliyoingizwa Jumatatu. Ikisema Sh 23,640,000 na mfumo mpya una Sh 22,190,000, Sh 1,450,000 zimebaki kwenye karatasi fulani, au mfukoni mwa mtu. Tahadhari moja tu: angalia kama kiasi chote kimesomwa pamoja na VAT au bila VAT pande zote mbili, usije ukamtuhumu mtu kwa hesabu ya kodi.

Upande wa malipo, hatari inageuka. Kuchota data ya wazabuni kulikuwa kwa polepole, kwa hiyo timu ilianza Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi mhasibu, ambaye hakuambiwa, alimlipa msafirishaji Sh 14,750,000 kupitia mfumo wa zamani. Faili la Alhamisi linaionyesha ankara ile haijalipwa, mfumo mpya unaipokea hivyo, na wiki ya pili inapangiwa malipo. Msafirishaji mwaminifu atarudisha. Kipimo chake ni kuchukua taarifa ya benki kuanzia dakika data ilipochotwa hadi mfumo mpya ulipofunguliwa, na kuhakikisha kila malipo yaliyotoka yameondoa ankara yake kwenye mfumo mpya. Baada ya hapo, malipo yote ya mwezi wa kwanza yalinganishwe na yaliyolipwa mwezi uliotangulia: mzabuni yuleyule, kiasi kilekile, namba ileile ya ankara. Kinga yenyewe ni kufunga kweli. Tangazo la barua pepe kwamba “mfumo umefungwa” halifungi kitu. Mkaguzi anaomba orodha ya miamala yote iliyoingia mfumo wa zamani baada ya saa ya kuchota, na orodha hiyo inapaswa kuwa tupu au kila mstari uwe na maelezo.

Linabaki suala la funguo. Wakati wa hamisho wataalamu wa nje na vijana wa kompyuta hupewa mamlaka makubwa, ya kuingiza, kufuta na kubadilisha data moja kwa moja bila kupita kwenye idhini za kawaida. Kazi haiwezi kwenda bila hayo. Lakini Jumatatu asubuhi mtu mwenye mamlaka yale anaweza kubadilisha akaunti ya benki ya mzabuni na kuidhinisha malipo yake yeye mwenyewe. Mkaguzi anataka kuona majina ya wote waliopewa, saa waliyofungiwa, na daftari la kumbukumbu za mfumo likiwa limewashwa tangu dakika ya kwanza. Daftari likiwashwa baadaye, alichofanya mtu kabla ya hapo hakitajulikana kamwe. Anaangalia pia mabadiliko yote ya akaunti za benki za wazabuni na wafanyakazi yaliyofanyika kati ya faili la mwisho lililosainiwa na malipo ya kwanza.

Tukirudi kwa wale 37: baada ya kuingizwa zote, moja kwa moja na kwa tarehe zake za asili, umri wa madeni ulionyesha kwamba nyingi zilikuwa zimepita mwaka. Menejimenti ya mfano wetu sasa italazimika kutenga kiasi kikubwa zaidi kwa hasara, na faida ya mwaka itapungua. Meneja wa fedha anaweza kukasirika kwamba ukaguzi umemletea hasara. Hasara ilikuwepo tangu zamani. Chujio lilikuwa karibu kuificha kwenye ripoti ya umri wa madeni huku kiasi chenyewe kikibaki kwenye leja kuu kama mali nzima.

Na mfumo wa zamani usitupwe. Ubadilishwe uwe wa kusomwa tu, bila mtu yeyote kuweza kuandika. Sheria za kodi za Tanzania na Kenya zinataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na picha ya leja iliyochapwa kwenye karatasi haitamwezesha mkaguzi wa kodi kufuata ankara hadi kwenye risiti yake. Mara moja kwa mwaka mtu ajaribu kuufungua, atafute ankara moja ya miaka mitatu iliyopita, na aandike kama ameipata. Leseni huisha, seva huzeeka, na fundi pekee aliyejua nywila huhamia kampuni nyingine.